Nilivyomwomba mteja wangu wa zamani maoni ya LinkedIn

Nafanya hesabu za biashara ndogo ndogo hapa Arusha, kazi ya kujitegemea. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa. Nilimfanyia kazi miezi minane, tukaagana vizuri. Mwaka mmoja baadaye nikataka aandike neno kwenye wasifu wangu wa LinkedIn.

Nilikosea tangu mwanzo. Nilifungua wasifu wake, nikabonyeza "More", kisha "Request a recommendation", nikautuma ule ujumbe uliokuja umeshaandikwa. Wiki tatu kimya. Kumbe hata akijibu ingekuwa kazi bure: mtandao unakutaka uchague ulikuwa na cheo gani mlipofanya kazi pamoja, na unakuletea vyeo vilivyomo kwenye wasifu wako tu. Kazi yangu ya kujitegemea sikuwa nimeiandika, kwa hiyo nilichagua ile ya ofisi niliyokwisha kuiacha. Maneno yake yangehusishwa na kazi asiyoijua.

Kwanza nikaiongeza ile ya kujitegemea kwenye wasifu. Halafu nikamwandikia WhatsApp, maana huko ndiko aliko kutwa nzima.

"Shikamoo mama. Nina ombi dogo."

"Marahaba mwanangu. We andika unachotaka, mimi nitakibandika."

Hapo ndipo wengi huchukua mteremko. Mimi nilikataa, kwa sababu ningeandika kihasibu, na anayemjua mama yule angegundua mara moja. Nikamuuliza mambo matatu: hali ilikuwaje kabla sijaja, nini kilibadilika, na kama angeniita tena. Akanijibu kwa sauti, dakika nne, kuku wakilia nyuma yake. Alisema kila mwisho wa mwezi alikuwa anakesha na daftari, pesa za simu zikigoma kulingana na za benki, hadi nilipomwonyesha kwamba makato ya kutolea pesa hayakuwa yakiandikwa popote.

"Hayo hayo mama, yaandike hivyo hivyo. Mauzo yako usiyataje."

Nikatuma ombi upya, safari hii kwenye ujumbe nikiyakumbusha yale matatu kwa mistari miwili. Alijibu siku ya pili, lakini akaandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, basi. Maneno ya hivyo hata mlinzi wa geti anaandikiwa. Kabla hujayakubali yaonekane, unaweza kumrudishia mwandishi ayarekebishe. Nikamrudishia, na kwenye WhatsApp nikamwomba radhi na kumkumbusha lile daftari la usiku.

Yaliporudi, daftari lilikuwemo, makato yalikuwemo, na sentensi ya mwisho ilisema sasa analala saa nne. Kulikuwa na makosa mawili ya herufi. Mwenye wasifu huwezi kuyagusa mwenyewe, na kumrudishia mara ya pili niliona haya. Yapo mpaka leo.