"Usafi na matengenezo, pauni 700"

Rafiki yangu mmoja wa Tanga amehama nyumba hapa Leicester baada ya kuipanga miaka minne. Wiki moja baada ya kurudisha funguo alipata barua pepe ya mstari mmoja kutoka kwa wakala: usafi na matengenezo, pauni 700, zitakatwa kwenye dipoziti. Akaniuliza kama alipe tu yaishe.

Nikamwambia kwanza tujue pesa ilipo. Tangu Aprili 2007, mwenye nyumba wa Uingereza anayepangisha kwa mkataba wa kawaida hawezi kuikalia dipoziti anavyotaka. Ndani ya siku 30 tangu aipokee anatakiwa kuisajili kwenye mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali, DPS, MyDeposits au TDS, na kumpa mpangaji maelezo ya maandishi ya mfuko upi unaihusu. Kuna njia mbili. Ama mfuko wenyewe unashika pesa, ama mwenye nyumba anabaki nayo na kulipia bima ya mfuko. Asiposajili kabisa, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji fidia ya kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti. Ingia kwenye tovuti za mifuko yote mitatu utafute. Kila mmoja una ukurasa wa kuhakiki.

Dipoziti yake ilikuwa pauni 1,038.46. Kiasi hicho si cha kubuni: kodi ni pauni 900 kwa mwezi, na tangu 2019 kikomo ni kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake haifiki pauni 50,000 kwa mwaka. Tuliikuta imesajiliwa, mfuko ndio unaoishika.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kuichukua peke yake. Mpaka ihukumiwe vinginevyo, pesa ni ya mpangaji, na anayetaka kuikata ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Tukamwandikia wakala: tutajie kila kitu kando, kilikuwaje siku ya kuingia, kikoje siku ya kutoka, kimegharimu kiasi gani, na risiti au makisio ya fundi yako wapi. Baada ya siku chache jibu likaja na mafungu matatu: zulia la sebule 480, kupaka rangi 160, usafi 60.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kweli.

Zulia lilikuwa limeungua alama ya pasi, na hilo hakulikana. Lakini mwenye nyumba hana haki ya kupata zulia jipya badala ya lililochakaa. Zulia lilikuwa na mwaka mmoja alipoingia, likawa na miaka mitano alipotoka. Zulia la aina ile tukalikadiria miaka minane. Gawa 480 kwa 8, unapata pauni 60 kwa mwaka. Miaka iliyobaki ni mitatu, basi deni ni pauni 180. Wakala anaweza kubishana kuhusu hiyo minane, lakini hawezi kudai bei nzima.

Rangi ilikuwa na mikwaruzo nyuma ya sofa. Baada ya miaka minne ya watu kukaa ndani, huo ni uchakavu wa kawaida, na uchakavu wa kawaida haukatwi. Sifuri. Usafi ulikuwa rahisi zaidi: ripoti ya kutoka ilisema nyumba safi isipokuwa oveni. Basi rafiki yangu alipie oveni tu, na makisio ya fundi usafi yalikuwa pauni 45.

Kwa hesabu yetu makato halali ni pauni 225. Wakala alikataa. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu isiyobishaniwa, yaani pauni 338.46, haina sababu ya kusubiri ugomvi uishe, inaweza kuachiwa mara moja. Zile 700 zikaenda kwa mwamuzi wa mfuko, huduma isiyolipiwa, inayoamuliwa kwa maandishi bila kufika popote. Mwamuzi hasomi hasira, anasoma orodha ya vitu ya siku ya kuingia iliyosainiwa, ripoti ya kutoka, picha zenye tarehe na risiti. Mwenye nyumba asiye na ripoti ya kuingia hupata taabu sana kukatiwa chochote. Uamuzi ukatoka: zulia 180, oveni 45, rangi hakuna. Zikarudi pauni 475 zaidi.

Mlango huo una muda wake, kwa kawaida miezi mitatu baada ya upangaji kwisha, na pande zote mbili lazima zikubali kwenda kwa mwamuzi. Mmoja akikataa, iliyobaki ni mahakama. Pia haya yote hayamhusu anayepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe, kama wanavyoanza wengi wetu. Huyo dipoziti yake haisajiliwi popote, basi achukue risiti na apige picha siku ya kwanza. Uskoti nako wana mifuko yao na sheria zao.