Nilivyoandika waraka wa gemu yetu ya kilimo hadi timu ikausoma

Tuko wanne: mimi ninayesanifu gemu, programa, mchoraji, na kijana wa sauti anayekuja Jumamosi. Kazi tunaifanyia sebuleni kwangu Kahawa West. Gemu yenyewe ni ya kilimo. Unaachiwa shamba na babu, unalima, unauza, unapanua. Leo nataka kueleza jinsi nilivyouandika waraka wa usanifu wake, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea zaidi ya mwezi, na bado nasikia vijana wakipewa ushauri uleule.

Mtu aliyetutangulia kwenye kazi hizi aliniambia niandike kila kitu kabla programa hajagusa kibodi. Akanitumia kiunzi chenye vichwa tele, nami nikakaa nikavijaza kimoja kimoja. Niliandika historia ya kijiji, tabia za majirani kumi na wawili, sherehe za mavuno, muziki wa kila msimu. Zikafika kurasa 52. Nikaenda mjini kuzichapisha, nakala nne zilizofungwa kwa waya, nikatoka pale nimeacha kama elfu mbili hivi.

Baada ya wiki mbili programa akanipigia simu usiku. "Dada, mchezaji akimwagilia maji mchana, halafu usiku mvua inyeshe, mmea unakua siku moja au mbili?" Nikafungua nakala yangu. Kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu mvua: rangi ya mawingu, sauti kwenye mabati, furaha ya mkulima. Jibu la swali lake halikuwemo. Nilipomuuliza amesoma hadi wapi, akaniambia ukweli: aliachia ukurasa wa tisa.

Basi akakisia, na makisio yake yakatugharimu siku mbili. Mahindi yalikataa kukua. Tunamwagilia, tunalala, tunaamka, mche uko palepale. Tulishuku kopo la maji, tukashuku picha za mchoraji kwamba hazibadiliki. Aliyegundua ni kijana wa sauti, ambaye alikuwa akijaribu mlio wa mvua na kwa hiyo aliifanya inyeshe kila usiku. Kwake mahindi yalikuwa yanakua vizuri! Hapo ndipo tukaelewa. Usiku ulikuwa unaanza kwa kukausha udongo wote, kisha mvua inanyesha, ndipo mmea unaulizwa kama una maji. Maji ya kopo yalikuwa yamekwishafutwa, kwa hiyo mvua pekee ndiyo iliyokuwa ikihesabika.

Usiku ule niliandika ukurasa mpya wenye kichwa "Usiku", na ndio uliobandikwa ukutani hadi leo. Una mistari mitatu. Kwanza, mmea ulio kwenye udongo wenye maji unaongeza siku moja ya umri, moja tu, hata kama maji yametoka kwenye kopo na mawinguni pia. Pili, udongo wote unakauka. Tatu, mvua ikinyesha, inalowesha udongo kwa ajili ya siku inayofuata, na mchezaji akiamka anaona hahitaji kumwagilia. Programa aliusoma akiwa amesimama na akairekebisha kazi ile kabla chai haijapoa.

Tangu hapo kila mfumo ninauandikia ukurasa wake mmoja: mchezaji anafanya nini, gemu inajibu nini, kwa utaratibu gani, na inakuwaje akikosea au asipofanya kitu. Sentensi yoyote isiyoweza kujaribiwa mbele ya skrini naihamishia kwenye faili ya mchoraji na kijana wa sauti, ambako ina kazi. Wao wanaihitaji ile furaha ya mvua.

Namba sizitii ndani ya maelezo kabisa. Nilikuwa nimeandika bei ya mahindi mahali pengi, nikibadilisha hapa nasahau kule. Sasa ziko kwenye faili moja ambayo gemu yenyewe inaisoma:

```
zao,mbegu,siku_kwanza,siku_marudio,bei
mahindi,10,12,0,46
sukuma,5,6,2,12
```

Faili hiyo ndiyo iliyonionyesha kosa langu kubwa kuliko yote. Mpwa wangu wa miaka 14 alikuja kujaribu gemu, na msimu wa pili tu alikuwa amepanda sukuma wiki kila mahali, vipande vyote 40. Nikamwuliza kwa nini. "Aunti, mahindi ni ya nini sasa?"

Nikapiga hesabu. Msimu wetu una siku 24. Mahindi yanachukua siku 12, kwa hiyo unavuna mara mbili, faida 36 kila mara ukitoa mbegu ya 10, jumla 72 kwa kipande. Sukuma unaichuma siku ya sita, kisha kila baada ya siku mbili, yaani mara kumi kwa msimu. Mara kumi kwa 12 ni 120, toa mche wa 5, inabaki 115. Mpwa wangu alikuwa na haki. Zao linalochumwa tena na tena lazima lihesabiwe kwa msimu mzima, na mimi nilikuwa nimelilinganisha kwa bei ya fungu moja.

Njia rahisi ilikuwa kushusha bei hadi 8. Nilijaribu, ikaleta 75, hesabu ikakaa sawa, lakini mkulima mwenye vipande vitano vya mwanzo akawa anaambulia senti na kuchoka mapema. Jawabu nilipewa na mama mboga wa hapa kwetu, anayenunua Marikiti alfajiri. Nilimwuliza kwa nini bei yake haitulii. "Kastoma wangu, magari yakiingia mengi, sukuma inakaa chini mpaka mtu anauza kwa hasara. Haiwezi kungoja kesho kama mahindi."

Nikaandika ukurasa wa "Soko". Mafungu kumi ya kwanza kwa siku yananunuliwa kwa 12. Baada ya hapo bei inashuka shilingi moja kwa kila mafungu matatu, haipiti chini ya 4, na baada ya siku mbili inarudi juu. Mahindi makavu hayashuki. Ukileta mafungu 40 kwa mkupuo unapata 324 badala ya 480, na kwa msimu mzima kila kipande kinakupa 76, karibu sawa na mahindi lakini kwa kazi ya kuchuma mara kumi. Ukipanda vipande kumi tu, bado unapata ile 115 yako kwa kila kimoja. Nilifurahi sana kuona namba zile zikitoka, kwa sababu mkulima mdogo hakuumia.

Hesabu kama hizi naziandika chini ya kanuni yenyewe, pamoja na sababu. Mchoraji aliwahi kuniomba tuondoe kushuka kwa bei kwa kuwa wachezaji watakasirika. Alisoma mistari minne, akaona mpwa wangu alifanya nini, akabadilisha ombi: mama wa sokoni ndani ya gemu aseme mapema kwamba sukuma imejaa leo. Hilo tuliliingiza siku ileile.

Waraka sasa una kurasa 11, na mmoja wao unaitwa "Baadaye". Ng'ombe wako huko, sherehe za mavuno ziko huko, pamoja na majirani wangu tisa kati ya kumi na wawili. Mpwa wangu alirudi likizo iliyofuata, akapanda sukuma vipande kumi kando ya kisima na mahindi kwingine kote, akataka kujua maharagwe yanakuja lini. Nimeshaongeza mstari wake kwenye faili, bei bado naipigia hesabu.