Ile skripti ya malipo ya maziwa

Hii ilikuwa 2020, nilikuwa nasaidia ushirika mmoja mdogo wa maziwa huku Murang'a, na kazi yenyewe ilikuwa moja tu, kuhamisha skripti yao ya malipo kutoka Python 2 kwenda Python 3. Kompyuta ya zamani ya ofisi ilikuwa inajizima yenyewe, wakanunua nyingine, tukaiweka Ubuntu 20.04, na Ubuntu hiyo ukiandika `python` inakwambia hakuna kitu kama hicho, iko `python3` tu. Ungeweza kuinstoli Python 2 pembeni maisha yaendelee, lakini Python 2 ilishafungwa rasmi tarehe 1 Januari mwaka huo na mimi sikutaka pesa za wakulima zikae juu ya kitu ambacho hakuna mtu anakirekebisha tena.

Skripti yenyewe, `lipa.py`, aliiandika kijana mmoja aliyekuwa hapo kabla yangu, na nasema kwa heshima kabisa, ilikuwa kazi safi. Inasoma faili la CSV lenye jina la mkulima na kilo zake za mwezi, inazidisha na bei, inakata asilimia 3 ya ushirika, inatoa orodha ya malipo ambayo mhasibu anaiprinti na wakulima wanakuja kusaini. Basi.

Kitu cha kwanza nilichofanya kabla sijagusa mstari wowote ni kuchukua mafaili ya miezi iliyopita pamoja na orodha zilizotoka kwa skripti ya zamani, nikayaweka kwenye folda. Kwa sababu mtu akikwambia skripti "inafanya kazi" kwenye Python 3 swali ni inafanya kazi kulingana na nini, na hapa jibu lilikuwepo tayari, iwe inatoa orodha ileile herufi kwa herufi, nikipiga `diff` isiseme kitu.

Print ndiyo kila mtu anaijua na ndiyo rahisi. Python 2 ilikuwa `print jina` bila mabano, Python 3 print ni fanksheni, inataka mabano, usipoweka skripti haianzi hata kidogo, inakwambia `Missing parentheses in call to 'print'`. Kulikuwa na chombo kinaitwa `2to3`, nikakiendesha:

```
2to3 -w lipa.py
```

kikabadilisha zote na kuniachia nakala ya zamani `lipa.py.bak`. Mistari ya kuandika kwenye faili, `print >>f, jina`, ikawa `print(jina, file=f)`, sawa. Lakini `diff` ilinionyesha kwamba karibu kila mstari wa orodha umebadilika, na ukiangalia kwa macho mistari inafanana kabisa! Nikafungua kwa `cat -A`, inayoweka alama ya dola mwisho wa mstari, nikaona kuna nafasi moja tupu kabla ya dola, zamani haikuwepo. Sababu ni koma. Skripti ilikuwa inaprinti mkulima kipande kwa kipande, `print jina,` halafu `print kilo,` halafu mwishoni `print` tupu ya kushuka mstari. Ile koma ya Python 2 haiandiki nafasi palepale, inangoja ione kama kuna kitu kinafuata, na kama kinachofuata ni kushuka mstari basi haiandiki. `2to3` inaigeuza kuwa `print(kilo, end=' ')` na hiyo inaandika nafasi yake papo hapo, iwe inafuatwa na kitu au la. Kwa orodha ya kuprinti haidhuru mtu, ila mimi nilitaka `diff` inyamaze ili kitu cha maana kikitokea nikione, kwa hiyo nikakusanya vipande vyote kwenye print moja na nafasi zikaisha.

Hapo sasa ndipo niliona jambo lililonifanya nipunguze mwendo. `2to3` haigusi kugawanya. Haiwezi, kwa sababu ikiona `a / b` haijui kama ndani yake kuna namba nzima au za desimali, na hilo ndilo linaamua kila kitu. Python 2 ukigawanya namba nzima kwa namba nzima inakupa namba nzima, kilichobaki inakitupa. Python 3 inakupa desimali. Ukitaka ile tabia ya zamani unaandika `//`.

Kulikuwa na sehemu moja iliyopiga kelele yenyewe, ile ya kukata orodha ya wakulima vipande viwili ili viingie kurasa mbili, `len(wakulima) / 2`, Python 3 ikasimama hapohapo na `slice indices must be integers`. Hiyo unaweka `//` unaendelea. Shida ni hii iliyonyamaza:

```
makato = jumla * 3 / 100
halisi = jumla - makato
print "%d %d %d" % (jumla, makato, halisi)
```

Chukua mkulima mmoja wa mwezi ule, kilo 137, bei ilikuwa shilingi 35, jumla 4795. Asilimia 3 yake ni 143.85. Python 2 inasema makato ni 143, inatoa, mkulima anapata 4652. Python 3 inabaki na 143.85 kichwani, inatoa, inapata 4651.15, halafu ile `%d` inakata desimali wakati wa kuandika. Kwa hiyo karatasi inasema jumla 4795, makato 143, unapokea 4651. Hebu toa mwenyewe. 4795 kutoa 143 ni 4652. Karatasi imekosa shilingi moja, hakuna kosa lolote lililoonyeshwa kwenye skrini, na ni hivyohivyo kwa karibu kila mkulima isipokuwa yule ambaye makato yake yametoka kamili. Mwenye kilo 212, jumla 7420, makato yanaandikwa 222, anapokea 7197 badala ya 7198. Mwenye kilo 89, jumla 3115, makato 93, anapokea 3021 badala ya 3022. Na jumla kuu ya makato chini ya karatasi inajumlisha zile desimali zilizofichwa, kwa hao watatu tu inaandika 459 wakati ukijumlisha zinazoonekana unapata 458.

Mtu anaweza kusema shilingi moja ni nini. Wale wazee wanakuja na madaftari yao wamepiga hesabu nyumbani, na ushirika ukishaonekana unakula shilingi moja kwa kila mtu hakuna maelezo ya kompyuta yatakayokuokoa, na mimi naona wana haki kabisa.

Kwenye makato nikaweka `//` na hesabu ikarudi ilivyokuwa. Ila usifanye kama wengine wanavyofanya, kubadilisha kila `/` kuwa `//` kwa mpigo mmoja, kwa sababu kama mahali fulani kuna desimali tayari, Python 2 ilikuwa inaigawanya kwa desimali na wewe sasa unaikata. Nilichofanya ni kurudi kwenye ile kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka nikaendesha ile ya zamani hivi:

```
python2 -3 lipa.py
```

na yenyewe kila inapogawanya namba nzima inaandika `classic int division` na namba ya mstari. Hiyo ndiyo orodha unayoitaka, unapitia mmojammoja unajiuliza aliyeandika alitaka nini. Kumbuka tu inaona mistari iliyopitiwa kweli, kama kuna kipande cha mwisho wa mwaka ambacho hakijaendeshwa hakitatajwa, kwa hiyo niliipa pia faili la Desemba.

Baada ya hapo ndio nikafika kwenye majina. Mpaka hapo nilikuwa najaribu kwa mafaili ambayo majina yake hayakuwa na shida, kwenye mengine Python 3 ilikuwa inafungua faili la wakulima inaanguka na `UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0x92`. Baiti 0x92 ni nini? Ni ile apostrofi iliyojikunja. Karani alikuwa ameandika majina kwenye Word, Word ikakunja apostrofi za Ng’ang’a na Wang’ombe, akanakili kwenye Excel, Excel ya Windows ikahifadhi CSV kwa mtindo wake wa zamani, `cp1252`, ambao apostrofi hiyo ni baiti moja, 0x92. Kwenye UTF-8 herufi hiyohiyo ni baiti tatu, na 0x92 haiwezi kuanzisha herufi kabisa. Python 2 haikujali, kwake maandishi yalikuwa baiti tu zinapita. Python 3 inataka ujue faili limeandikwaje:

```
f = open('wakulima.csv', newline='', encoding='cp1252')
```

Rafiki mmoja aliniambia weka `latin-1`, haikosei kamwe. Ni kweli haikosei, kwa sababu kila baiti inaipa herufi, hata kama siyo, 0x92 inakuwa alama isiyoonekana na wewe unadhani mambo yako sawa. Na kuweka `errors='ignore'` ndiyo mbaya zaidi, Ng’ang’a anakuwa Nganga.

Kosa likaisha, lakini `diff` ikasema kuna wakulima wamepoteza namba za simu. Nikaangalia ni akina nani: Ng'ang'a, Wang'ombe, Mung'ara, wote wenye ng'. Ndani kabisa ya skripti kulikuwa na mstari huu:

```
jina = jina.replace('\x92', "'")
```

Yule kijana alishakutana na hili, alikuwa ananyoosha apostrofi ili jina lilingane na daftari la simu ambalo lina apostrofi ya kawaida. Sasa baada ya Python 3 kusoma kwa `cp1252`, hakuna tena 0x92, kuna herufi `\u2019`, kwa hiyo mstari unatafuta kitu ambacho hakipo na hausemi chochote, na kwa kuwa simu zilikuwa zinachukuliwa kwa `simu.get(jina, '')`, asiyepatikana anapewa nafasi tupu. Nikabadilisha ikawa `'\u2019'`, simu zikarudi zote.

Mwishoni `diff` ilibaki na safu moja tu, wastani wa kilo kwa siku. Zamani 137 kwa siku 30 ilikuwa 4, sasa inatoka 4.566666666666667, nikaifupisha kwa `%.2f` ikawa 4.57, na hapo kwa kweli ya zamani ndiyo ilikuwa inapoteza habari. Sikutaka kuamua mwenyewe, nikampelekea mhasibu karatasi mbili. "Mama, hii ni ya zamani, hii ni mpya, pesa ni zilezile, wastani ndio umebadilika." Akapitisha kalamu juu ya safu mara mbili. "Kijana wangu, huyu wa 4.9 na huyu wa 4.1 miaka yote tumewaandika 4? Weka hii ya desimali, lakini moja tu, mbili zinajaza karatasi." Nikaweka `%.1f`, tukaprinti ya mwezi.