Kupima wimbi la elektroni kwa pete za grafiti

Tyubu niliyotumia hurusha elektroni, ambazo husafiri kama wimbi, zipite kwenye kipande chembamba sana cha grafiti nyuma ya anodi, na skrini ya kung'aa iko sm 13.5 kutoka hapo. Kabla ya kuiwasha nilikokotoa kwanza. Kwa volti V inayosukuma elektroni, urefu wa wimbi lao kwa nanomita ni 1.226 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha V. Nilichagua volti 2500 kwa uvivu tu, maana kipeuo chake ni 50 kamili: wimbi linakuwa nm 0.0245.

Nililiacha filamenti lipate moto kwa dakika moja, nikazima taa za chumba, kisha nikapandisha volti polepole. Jicho langu lilikuwa kwenye mita ya mkondo kuliko kwenye skrini, kwa sababu mkondo ukizidi mA 0.2 grafiti hupata joto kali na inaweza kutoboka. Zikatokea pete mbili za kijani kuzunguka doa la katikati. Pete zenyewe ni nene, kwa hiyo nilipima ukingo wa ndani na wa nje, nikachukua wastani. Kipenyo cha pete ndogo kilikuwa sm 3.1, cha kubwa sm 5.4.

Hapo ndipo hesabu iliponigomea. Nilijua atomi za kaboni katika grafiti zimeachana nm 0.142, nikaweka namba hiyo, nikapata pete ya sm 4.7 ambayo haikuwepo kabisa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kinachohesabika ni umbali wa atomi na jirani yake. Wimbi hurudishwa na safu nzima za atomi, na nafasi kati ya safu ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Katika mpangilio wa pembesita wa grafiti kuna nafasi mbili zinazoonekana: nm 0.213, ambayo ni mara moja na nusu ya 0.142, na nm 0.123.

Ukizidisha nafasi kwa kipenyo, ukagawanya kwa mara mbili ya sm 13.5, yaani 27, unapata wimbi. Pete ndogo: 0.213 × 3.1 ÷ 27 = nm 0.0245. Pete kubwa ilitoa 0.0246. Ukiweka nusu kipenyo badala ya kipenyo, jibu litatoka nusu, na hilo hutokea mara nyingi.

Kwa hiyo wimbi ni kama sehemu moja ya tisa ya nafasi kubwa ya safu, nm 0.213, ndiyo maana pembe ni ndogo. Wanafizikia Davisson na Germer mwaka 1927 walitumia volti 54 tu, ambapo wimbi ni nm 0.167, karibu sawa na nafasi za atomi katika nikeli, nm 0.215, na elektroni zikaruka kwa pembe ya nyuzi 50. Lakini elektroni dhaifu hivyo hazipenyi kipande changu. Wao walizipokea zikidunda kwenye uso wa fuwele.

Ukitaka uhakika kwamba pete zinatokana na elektroni, si eksirei, sogeza sumaku karibu na shingo ya tyubu: pete zote huhama pamoja.