Kikohozi Kilichosingiziwa Koo

Kwa miezi mingi kila aliyenitibu kikohozi alianzia kooni, nami sikuwa na cha kuwabishia, maana mkereketo niliusikia papo hapo. Sikumaliza maneno mawili matatu bila kujikohoza. Daktari wa koo alipitisha kamera nyembamba puani, akakuta zoloto limekuwa jekundu, akasema ni asidi inayopanda kutoka tumboni. Nilimeza omeprazoli kama alivyoniandikia, kikohozi kikabaki vilevile. Wekundu ule ungeweza kuletwa na kujikohoza kwenyewe, kwa sababu nyuzi za sauti zikigongana kutwa nzima huvimba.

Daktari wa kifua, mama mtu mzima, ndiye aliyeniuliza, “Kinakuamsha usiku?”

“Ndiyo, daktari. Kuelekea alfajiri.” Nikamweleza pia kwamba kilinishika nikicheka sana, nikipanda ngazi, au nikivuta hewa ya baridi. Kila kimoja peke yake kisingemwambia mengi; vyote kwa pamoja vilimfanya ashuku pumu.

Hata hivyo kifua changu hakikupiga filimbi hata kidogo. Picha ya eksirei ilikuwa safi, na nilipopuliza kwenye spirometa, vipimo vilikuwa vya mtu mzima wa afya. Hapo ndipo aliponipangia kipimo cha methakolini, dawa inayochokoza mirija ya hewa. Unavuta mvuke wake ukiwa mwepesi sana, unapuliza, wanapima hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, kisha wanaongeza nguvu ya dawa. Hewa ikipungua kwa asilimia 20, wanasimamisha.

Mivuke ya mwanzo haikunifanya lolote. Kisha kikaja: kikohozi kilekile cha alfajiri, kikavu, na mkereketo wake kooni. Nikapuliza huku machozi yananitoka. Kutoka lita 3.1 nilikuwa nimeshuka hadi 2.4. Daktari akanisikiliza mgongoni. Bado hakuna filimbi. Akanipa salbutamoli, na baada ya dakika chache mirija ikafunguka, kikohozi kikatulia. Sijasahau nafuu ile.

“Mirija inakaza huku chini, mwanangu,” alisema, “lakini wewe unausikia mwasho huku juu.” Akaniita mgonjwa wa pumu ya kikohozi, ila akasisitiza kwamba kipimo peke yake hakitoshi, kwani kuna watu mirija yao hukaza na kikohozi chao kina sababu nyingine. Uthibitisho ungekuwa kikohozi kuitikia dawa ya pumu.

Nilianza pampu ya budesonidi asubuhi na jioni, nikisukutua kinywa kila baada ya kuvuta ili nisiote utando wa fangasi. Alinionya kwamba huenda ikachukua hadi wiki nane. Usingizi ulirudi mapema. Kujikohoza ndiko kulikochelewa kuondoka, nadhani kwa sababu koo lenyewe lilikuwa limechubuka. Nilipopona aliniambia nisiiache pampu kwa uamuzi wangu, kwa kuwa baadhi ya wenye pumu ya namna hii huja kupata pumu kamili, yenye filimbi na kubanwa pumzi.