Nilivyougeuza mzigo wa sakafu kuwa mzigo wa boriti, na pale upana wa kubeba ulipofikia kikomo

Sakafu niliyopewa kuikokotoa ilikuwa ya mstatili, ikibebwa na boriti tatu sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa mita 6 na kulala juu ya nguzo mbili. Boriti A na C zilikuwa pembeni, na boriti B ilikuwa kati yao, lakini si katikati kabisa: kutoka A hadi B kulikuwa na mita 3, na kutoka B hadi C mita 4. Mchoro wa kwanza ulionyesha vipande vya zege vilivyomwagwa kiwandani, vyenye unene wa milimita 150, vikitandazwa kutoka boriti moja hadi inayofuata na kukatika juu ya kila boriti.

Mzigo wa sakafu huja ukiwa umepimwa kwa mita ya mraba, ilhali boriti hukokotolewa kwa mzigo wa kila mita ya urefu wake. Zege lenye nondo huwa na uzito wa takribani kilonewtoni 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unene wa mita 0.15 ulinipa kilonewtoni 3.75 kwa mita ya mraba. Nikaongeza 1.25 kwa ajili ya vigae, saruji ya kusawazishia na dari ya chini, mzigo wa kudumu ukawa 5.0. Mzigo wa matumizi ulikuwa 3.0, na jumla yake 8.0.

Kabla ya kuzidisha chochote nilichora mistari miwili ya nukta katikati ya kila nafasi, mmoja mita 1.5 kutoka A na mwingine mita 2 kutoka B kuelekea C. Kipande cha zege kinacholala huru juu ya boriti mbili hugawa uzito wake nusu kwa nusu, na kwa sababu hiyo kila kilichoko upande huu wa mstari huhesabiwa kuwa cha boriti ya upande huu. Boriti A ikapata upana wa kubeba wa mita 1.5, boriti B mita 1.5 na mita 2, yaani 3.5, na boriti C mita 2. Mzigo wa mstari ni zao la mzigo wa eneo na upana huo:

w = q × b

Hivyo A ilipata kilonewtoni 12 kwa mita, B ikapata 28 na C ikapata 16. Vipimo vyenyewe hulinda hesabu hii, kwa kuwa kilonewtoni kwa mita ya mraba zikizidishwa kwa mita lazima zibaki kilonewtoni kwa mita. Ulinzi wa pili, ambao siuachi kamwe, ni kujumlisha upana wote: 1.5 na 3.5 na 2 ni mita 7, sawasawa na upana wa sakafu. Mtu akiipa boriti ya pembeni nafasi nzima badala ya nusu, au akiisahau nusu moja ya boriti ya kati, jumla hiyo hukataa papo hapo.

Uzito wa boriti yenyewe niliuweka kando hadi mwisho, kwa kuwa tayari ni mzigo wa mstari na hauzidishwi kwa upana wowote. Boriti ilikuwa na upana wa milimita 300 na kina cha milimita 350 chini ya sakafu, hivyo kila mita yake ilikuwa na uzito wa takribani kilonewtoni 2.6. Boriti B ikafikia 30.6 kwa mita, ikiwa na momenti ya kupinda ya takribani kilonewtoni-mita 138 katikati na kilonewtoni 92 kwenye kila nguzo. Katika jedwali langu mzigo wa kudumu wa boriti hiyo, yaani 17.5 kutoka sakafuni, ulisimama mbali na ule wa matumizi wa 10.5, kwa sababu kila mmoja huzidishwa baadaye kwa kigezo chake cha usalama na ukishauchanganya ni vigumu kuutenganisha.

Baadaye mchoro ulibadilishwa. Badala ya vipande, sakafu ingemwagwa papo hapo kama slabu moja isiyokatika kutoka A hadi C, kwa unene uleule na mizigo ileile. Mwenzangu aliyekuwa akiandaa michoro aliniuliza kama hesabu za boriti zingeweza kubaki zilivyo, kwa kuwa uzito haukuongezeka hata kidogo. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake limo katika dhana iliyobeba ile mistari ya nukta: kwamba kila nafasi inagawanyika nusu kwa nusu. Slabu isiyokatika haigawanyiki hivyo. Juu ya boriti B inazuiwa kuzunguka, inajipinda kuelekea juu, na ugumu huo huvuta mzigo kuja B na kuupunguza kwenye ncha za A na C.

Nilikata ukanda wa slabu wenye upana wa mita moja na kuukokotoa kama boriti ndogo yenye nafasi mbili na vihimili vitatu. Momenti juu ya B huwa:

M = w(L1³ + L2³) / (8(L1 + L2))

Kwa w ya 8, L1 ya 3 na L2 ya 4, nilipata kilonewtoni-mita 13. Kutokana nayo, A inabeba 12 ukiondoa 13/3, yaani takribani 7.7, C inabeba 16 ukiondoa 13/4, yaani 12.75, na B inabeba kilichobaki, takribani 35.6 kwa mita. Boriti ya kati ilikuwa imeongezewa asilimia 27, na pamoja na uzito wake momenti ikapanda kutoka 138 hadi takribani 172.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba 7.7, 12.75 na 35.6 bado zinajumlika kuwa 56, sawa kabisa na 12, 28 na 16. Ukaguzi wa jumla ninaouamini hivyo hauwezi kuiona tofauti hii, kwa sababu unathibitisha kwamba hakuna mzigo uliopotea, wala hausemi umeelekea wapi.

Thamani ya 35.6 nayo inadhani kwamba boriti zote hazishuki. Kwa kweli B, ikiwa na mzigo mkubwa kuliko wenzake, hushuka zaidi na kurudisha sehemu ya mzigo kwa A na C, hivyo ukweli uko mahali fulani kati ya 28 na 35.6. Niliamua B ikokotolewe kwa 35.6, na A na C zibaki na thamani za upana wa kubeba, yaani 12 na 16, bila kuzipunguza. Kujaribu kuweka mzigo wa matumizi kwenye nafasi ya A na B pekee, ambako ndiko A huelemewa zaidi, kuliipa A takribani 8.8 tu.

Mwenzangu nilimwonyesha alama ya kutafuta kwenye mchoro wowote wa sakafu kabla ya kuchora mistari ya nukta: nondo za juu zinazovuka boriti ya kati. Zikiwapo, zimewekwa kuibeba momenti ya juu ya boriti hiyo, kama ile ya 13 hapa, na slabu imekusudiwa kuendelea bila kukatika. Hapo upana wa kubeba unatosha kwa makadirio ya kwanza, nayo boriti ya kati inahitaji hesabu ya ukanda.