Fanya utakavyo

"Fanya utakavyo." Hayo ndiyo niliyojibiwa Jumanne magharibi, na mpaka leo nayasikia.

Nilikuwa nimeuliza tu, "Baba Salma, chai nikutilie iliki ama tangawizi?" Hakuinua macho. Wala hakufoka, angefoka ningejua pa kuanzia. Na asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa ameniletea mahamri na mbaazi za moto, akaniambia nikae, leo yeye ndiye mwenye kumimina. Baina ya asubuhi na magharibi nilifanya nini?

Nikaanza kujipekua. Labda ni kuchelewa, maana magari yalisimama Daraja la Nyali na matatu haikusogea. Labda ni lile dera jipya. Labda ni simu za dada kuhusu arusi (imekwisha salama, alhamdulillahi, picha nitaweka). Labda sauti yangu ilikuwa na kitu.

Jana nikianika nguo ndipo nikakumbuka yaliyofuata. Simu yake ililia, mwenzake wa bandarini. Alicheka! Akamwulizia watoto mmoja mmoja kwa majina. Akakata simu, uso ukarudi vilevile. Kumbe ucheshi alikuwa nao, ila haukuwa wangu magharibi ile. Na Jumapili nilimwuliza swali hilohilo la chai, akanijibu, "Tia vyote, mkono wako haukosei." Swali ni moja, jikoni ni palepale. Basi nipekue nini tena?

Shangazi anasema nimnyamazie tu, atarudi. Kweli alirudi, Alhamisi, na madafu mkononi. Hapo ndipo penye mtihani. Angekuwa baridi siku zote ningekwisha zoea, ama ningekwisha funga mizigo. Lakini hurudi ghafla, nami kwa furaha nadhani kuna jambo nimelipatia, naanza kulirudia: wali ule ule, udi ule ule, kunyamaza kule kule. Halafu halifui dafu. Siku hizi nasikiliza ufunguo mlangoni. Ukizungushwa polepole, napunguza redio. Naye Salma nimemwona akinitazama usoni kwanza kabla ya kumwamkia babake. Hilo la mtoto limenitia hasira ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kujionea.

Alhamisi nikamwuliza, "Juzi ulikuwa na nini?"

"Juzi ipi?" Kweli alionekana hakumbuki. Akanipa dafu, nikanywa, lilikuwa tamu, na sikuuliza tena. Nitauliza. Safari hii nitauliza siku ya uso mzuri, na nitataja la Salma, si la chai.

Haya, la mwisho. Mama amenipigia kutoka Likoni, katika maneno akateleza kuwa vidonge vya presha vilimwishia tangu wiki ile ya arusi, na hakutaka kutusumbua. Kesho navuka feri mapema. Kama kuna ajuaye duka la dawa linalofunguliwa alfajiri upande ule, aniambie leo usiku.